Damu ya mzee ya aina mbili: barua niliyomwandikia muuzaji wangu wa kitambaa

Huku Mtwara oda za sare huongezeka korosho zikishauzwa. Minada ikianza Oktoba wazazi wanaanza kushika hela, na ikifika Desemba fundi mwenye oda ya shule hulala kwa saa za kuhesabu, maana Januari watoto wanarudi darasani. Desemba ninayoisimulia hapa nilikuwa na sketi 200 za marinda za shule ya wasichana, rangi ya damu ya mzee. Sketi moja inakula mita 1.2 ya kitambaa cha upana wa inchi 58, kwa hiyo nilihitaji mita 240. Niliagiza majora matano ya mita 50 kwa mzee mmoja wa Kariakoo ambaye nimenunua kwake miaka mingi, ili zibaki mita kumi za tahadhari.

Mzigo ulifika kwa basi usiku. Niliufungua dukani chini ya tyubulaiti, nikapapasa kila jora, nikaona rangi ni moja. Asubuhi binti anayenisaidia kukata alitoa majora nje barazani ili tuyapime, akaniita. Matatu yalikuwa damu ya mzee tunayoijua, yenye uhudhurungi kwa ndani. Mawili yalivuta kwenye zambarau. Usiku ule macho yangu hayakuwa mabovu. Rangi moja inaweza kupatikana kwa michanganyiko tofauti ya dawa, na michanganyiko hiyo ikafanana chini ya taa ya aina moja, kisha ikaachana kwenye mwanga wa mchana. Ndiyo maana sasa sikubali mzigo wa rangi usiku. Naupokea, nauhesabu, naufunga tena, naukagua kesho yake.

Miaka ya nyuma jambo kama hili liliwahi kunikuta nikiwa nimeshakata. Niliandika barua ndefu ya hasira kwa muuzaji mwingine, akanijibu kwa swali moja: kama rangi haikuwa yake, ulikatia nini? Sikuwa na jibu. Baadaye nikaelezwa kwamba hata sheria yetu ya mauziano ya bidhaa, Sura ya 214, iko hivyo. Ukinunua kwa sampuli, mzigo wote lazima ulingane na sampuli, na mnunuzi apewe nafasi ya kutosha ya kuulinganisha. Lakini ukishaufanyia mzigo jambo ambalo ni la mwenye mali tu, kama kuutia mkasi, au ukikaa nao muda mrefu bila kusema unaukataa, umeukubali. Basi safari hii mkasi ulibaki mezani, tukaanza kupima.

Kabla ya kumlaumu mtu ilinibidi kwanza nijilaumu mwenyewe. Kitambaa kikigeuzwa kichwa chini mwanga hukigonga vingine, nacho kikaonekana kimebadilika rangi hali ni kilekile. Upande wa nje na wa ndani nao hutofautiana. Kwa hiyo nilichukua kipande kidogo mwanzoni mwa kila jora, nikakitia mshale kwa chaki kuonyesha urefu wa jora unakwenda wapi, nikavipanga vyote vitano mishale ikitazama upande mmoja, uso wa nje juu, kwenye karatasi nyeupe. Tulikaa kivulini nje ya mlango, saa nne asubuhi. Jua la moja kwa moja linaunguza rangi machoni, na ukuta wa rangi kali ukiwa karibu nao unaazimisha rangi yake, kwa hiyo tulijiweka mbali na mlango wa jirani uliopakwa kijani.

Tofauti ikabaki. Nikavikata vipande viwiliviwili, nusu nikavifua kwa sabuni, nikavianika kivulini, nikavipiga pasi, kwa sababu kitambaa kipya kina wanga na dawa za kiwandani zinazoweza kukipa mng'ao wa uongo. Baada ya kufuliwa majora mawili yakazidi kuonyesha zambarau. Mwisho nilikunja kila jora hadi ukingo ukagusa katikati, kuangalia kama rangi ni moja upande hadi upande. Ilikuwa moja. Hapo nikajua kila jora peke yake ni zima, ila yametoka mapipa mawili tofauti. Karatasi za kiwandani zilizobandikwa kwenye majora zilithibitisha: matatu yalikuwa na namba moja ya loti, mawili namba nyingine.

Kitambaa cha sare huwa ni mchanganyiko wa poliesta na pamba, na kila uzi una rangi yake inayoushika. Kiwandani wanatia rangi mara mbili, ya poliesta na ya pamba, kisha hizo mbili zinakutana machoni mwako kama rangi moja. Joto likipungua kidogo, au muda ukikatwa, upande mmoja unakunywa rangi kidogo na rangi nzima inahama. Na damu ya mzee ni rangi ya kuchanganywa, haikai mahali pamoja. Ukimwambia mtu "damu ya mzee" kwenye simu, yeye anaona yake na wewe unaona yako. Jina la rangi si sampuli.

Sampuli mimi nilikuwa nayo. Wakati wa kuagiza tulikata kipande kimoja katikati, nusu akabaki nayo yeye, nusu nikaiweka ndani ya daftari langu la oda. Hilo la daftari lina sababu. Kipande kinachoning'inia ukutani dukani kinapauka, na siku ya ubishi unakuta sampuli yenyewe ndiyo iliyohama.

Barua niliyoandika ni hii, nimeondoa majina tu:

"Mzee wangu, shikamoo. Natumaini nyumbani hawajambo. Mzigo wa majora matano niliuchukua stendi Jumanne usiku, nikaukagua Jumatano asubuhi, na leo Jumatano nakuandikia.

Tulikubaliana damu ya mzee kwa sampuli tuliyokata nusu kwa nusu. Majora matatu yanalingana na sampuli, nayapokea na nashukuru. Majora mawili hayalingani, yanaelekea zambarau. Namba za loti za yote matano nimeziandika kwenye kadi iliyomo humu. Nimelinganisha mchana kivulini, vipande vikiwa vimeelekea upande mmoja, kabla na baada ya kufua. Sijakata hata sentimita ya kazi. Nimetoa vipande vya sampuli tu mwanzoni mwa majora.

Majora hayo mawili siyapokei. Nimeyafunga, yako sehemu kavu juu ya meza, ni mali yako mpaka uniambie yaende wapi. Naomba majora mawili ya loti ileile ya yale matatu. Kama loti hiyo imekwisha, niambie kabla hujatuma chochote, tuzungumze. Nahitaji jibu kufikia Jumamosi, kwa sababu ili sketi 200 ziwahi kufungua shule lazima nianze kukata Jumatatu.

Kwenye kadi kuna vipande sita: kimoja cha sampuli yangu, na kimoja kutoka kila jora. Naomba uvitazame nje, si chini ya taa, ukiweka pembeni ile nusu yako. Mwanao, fundi wa Mtwara."

Watu wananiuliza kwa nini sikutuma picha kwa simu. Nilituma, lakini ya karatasi za loti tu. Kamera ya simu inajirekebishia mwanga yenyewe. Nimewahi kupiga vitambaa viwili vinavyopishana wazi, picha ikatoka kama pacha. Muuzaji akiona picha ya namna hiyo ana haki ya kusema sioni tatizo. Vipande nilivibana kwa stepla kwenye kadi nyeupe, nikaandika namba chini ya kila kimoja, nikaweka barua na kadi kwenye bahasha, nikampa kondakta wa basi la alfajiri, na mzee nikampigia kumwambia bahasha inakuja. Usiku wa siku hiyohiyo alikuwa ameichukua.

Angalia pia kwamba sikuandika "mzigo wako mbovu". Mbovu ni neno la kukaribisha ugomvi, na tena halikuwa kweli. Kitambaa kilikuwa kizuri, mtu aliyeagiza zambarau angekifurahia. Tatizo lilikuwa moja, hakilingani na sampuli, na hilo tu ndilo niliweza kulithibitisha. Na sikurudisha majora kwa gharama yangu. Unapokataa mzigo kwa haki, wajibu wako ni kumjulisha mwenye mali na kuutunza. Nauli ya kuurudisha ni jambo la kukubaliana naye kwanza.

Mzee alinipigia Ijumaa mchana. "Marahaba mwanangu, nimevitoa vipande nje, nimeona." Kisha akaleta mawazo mawili. La kwanza, anipunguzie bei nichukue hivyohivyo. Nilikataa. Ingekuwa bitana au aproni za jikoni ningechukua na kushukuru, lakini wasichana wa shule wanasimama mstarini kila asubuhi bega kwa bega, na mwalimu mkuu angeona kabla kengele haijanyamaza. La pili, anajua mtu wa kutia rangi, atayachovya upya yakolee. Hilo nalo nilikataa, na kwa upole nikamweleza sababu. Rangi za kuchemsha kwenye sufuria zinashika pamba. Poliesta inataka joto la nyuzi 130 hivi ndani ya mtambo uliofungwa, na sufuria ya maji haifiki hapo. Nusu ya kitambaa ingekunywa, nusu ingebaki, tungekuwa na rangi ya tatu.

Jumamosi akasema amepata jora moja la loti yangu, hakuna lingine Kariakoo nzima kwa alikouliza. Hapo nikakaa na kalamu. Jora moja linatoa sketi 41 na kubaki kidogo, kwa hiyo majora manne yanatoa sketi 164. Zinabaki sketi 36. Kwenye oda kulikuwa na mkondo mmoja wa kidato cha pili wenye wasichana 36 kamili. Nikamwomba vipande vya loti nyingine alizonazo, akaleta vitatu kwa basi pamoja na lile jora. Kimoja kilikuwa karibu sana na sampuli, giza kidogo tu. Nilikipeleka shuleni, nikamwonyesha mwalimu nje ya ofisi yake, nikamweleza kwamba mkondo mzima utavaa loti hiyo, ili wanaokaa pamoja wafanane. Aliweka sahihi nyuma ya kipande, nikaagiza jora hilo.

Wakati wa kukata kila jora lilikuwa na mafungu yake, na kila kipande tulikiandikia namba ya jora kwa chaki upande wa ndani, ili mkanda wa kiuno usije ukatoka jora moja na marinda jora lingine. Hata majora ya loti moja hatukuyachanganya ndani ya sketi moja. Yale mawili ya zambarau mzee aliyafuatilia mwenyewe kwa gari la mizigo lililokuwa linarudi Dar tupu, nauli juu yake. Sketi ya mwisho ilipigwa pasi siku mbili kabla ya kufungua shule.

Siku hizi nikiagiza kwake, neno "loti moja" linaandikwa kwenye risiti pembeni ya idadi ya majora, na sampuli tunaisaini nyuma wote wawili.