Barua kwa mwanangu: kuhusu vidonge vyako

"Mama, dawa inaingia mwilini siku ile ile ninayoimeza. Sasa kwa nini daktari anataka nisubiri wiki nne mpaka sita? Si ananizungusha tu?"

Mwanangu,

Hakuzungushi. Fluoksetini, dawa yako ya sonona, huanza kazi ndani ya saa chache. Seli za neva humwaga serotonini, kemikali ya kupelekeana ishara, kisha huifyonza tena. Kidonge huziba njia ya kuifyonzea, nayo hubaki nje muda mrefu zaidi. Kichefuchefu chako cha wiki ya kwanza kinatoka hapo, maana serotonini nyingi ya mwili iko tumboni.

Kikwazo kiko kwenye shina la ubongo, zinakoanzia seli hizo. Zina vipokezi vinavyopima serotonini inayozizunguka, vikifanya kazi kama boya la tenki: kina kikipanda, boya linafunga maji. Basi siku za mwanzo seli hupunguza kasi ya kurusha ishara, na faida inaliwa. Hupita wiki mbili tatu mpaka vipokezi vizoee na kulegea, ndipo kasi inaporudi huku njia ya kufyonza ikiwa bado imezibwa.

Sisi wauguzi tumefundishwa hivyo, nami naamini. Ila hapo nabishana na nafsi yangu: watafiti waliwapa wagonjwa pindololi, dawa ya presha inayoweza kuziba vipokezi hivyo, ili wapone haraka. Majaribio mengine yalifaulu, mengine hapana. Kwa hiyo boya si jibu zima. Ubongo nao hujenga miunganisho mipya, na ujenzi una muda wake.

Mimi husema mgonjwa ni wa mwisho kujua kwamba anapona. Unakumbuka mama yako mdogo alipoletwa hapa Tukuyu kutoka Makete? Wiki ya tatu ukoo ukakaa sebuleni kwangu: dawa imeshindwa, apelekwe kwa mganga. Mjomba wako akanigeukia mbele ya watu: "Na wewe muuguzi, unatuchelewesha tu." Linaniuma hadi leo. Mimi nilishaona analala mpaka alfajiri na sahani inarudi tupu. Ukimuuliza, "Niko vilevile." Siku chache baadaye akanifokea kwamba mbalaga yangu haina chumvi. Nilizunguka nyuma ya nyumba nikacheka peke yangu! Mgonjwa ni wa mwisho kujua, nakwambia.

Lakini nguvu zikirudi kabla ya matumaini, ndipo pa kuwa macho, hasa kwa kijana wa chini ya miaka 25 kama wewe. Ukikosa utulivu kabisa, au yakija mawazo ya kujidhuru, nipigie usiku huo huo na umrudie daktari.

Kama ulipaswa kuanza dawa au la, nina langu moyoni. Sikuwepo ulipozungumza na daktari, basi nanyamaza, ingawa unanijua. Usiache ghafla bila yeye kujua. Na wiki ya nne ikiisha hata usingizi haujabadilika, mwambie. Hapo huamua kupandisha dozi au kubadili dawa.

Mama yako