Jina likishachukuliwa: neno kwa wanaoanza kutengeneza tovuti Mtwara

Wadogo zangu, juzi nimemsikia tena kijana akimhakikishia mteja kwamba kikoa kipo wazi, kwa sababu tu alikiandika kwenye kivinjari na hakuona kitu. Naomba tuelewane.

1. Ukurasa mtupu si ushahidi, kwani mtu anaweza kusajili kikoa na kukilipia kila mwaka bila kuweka tovuti. Iulize rejesta yenyewe:

```
whois banguamikindani.co.tz
```

Usajili wa BRELA nao haukupi kikoa. Hayo ni mambo mawili tofauti.

2. Kistari kiacheni. Mteja wetu mmoja wa korosho alikuta jina lake limechukuliwa, nasi tukampa lilelile likiwa na kistari katikati, tukajiona tumemaliza kazi. Kwenye bango lilipendeza, ila kwenye simu hakuna anayetamka kistari, na hata ukikitamka, anayeandika hukiruka. Wanunuzi wakawa wanatuma oda kwa barua pepe bila kistari, zikawa zinaingia kwa mwenye jina la awali. Seva yake ilipokea barua za anwani yoyote ya kikoa chake, kwa hiyo hakuna aliyerudishiwa taarifa kwamba ujumbe haukufika, na sisi tukadhani biashara imedorora. Tuligundua pale mnunuzi mmoja alipopiga simu kwa hasira akiuliza kwa nini hajibiwi, wakati huo mifuko yote ikiwa imeshachapwa.

3. Pimeni jina kwa mtandao wenye masharti makali zaidi. Instagram inakubali hadi herufi 30, pamoja na nukta na mstari wa chini; X inaishia 15 na haitaki nukta; kikoa nacho hakikubali mstari wa chini. Jina litakalofanana kote, basi, ni herufi tupu zisizozidi 15. (Mtasema wateja wenu hawatumii X. Sawa, lakini jina fupi halijamdhuru mtu.)

Kuna mama wa Mikindani anayebangua korosho, ambaye jina alilolitaka lilikuwa na mwenyewe. Kijana akaleta "koroshomikindani": herufi 16. Nilipomwonyesha, akapendekeza tukate "i" ya mwisho, kana kwamba wenyeji wa Mikindani wangelivumilia hilo. Kisha akataka kubandika "tz" kwenye jina lile alilolitaka mama, bila kuona kwamba ikifuatwa na .co.tz mteja atatamka tz mara mbili, na atakayesahau moja atafika kwa mshindani. Tukaacha kulifukuzia neno korosho, tukachukua kazi yenyewe: "banguamikindani", herufi 15 kamili, yenye kutamkika bila maelezo.

4. Kagueni kikoa na akaunti zote kabla ya kulipia chochote, kisha sajilini vyote kwa mkupuo, kwa barua pepe na namba ya simu ya mama mwenyewe, si ya fundi ambaye mwakani atakuwa Dar na laini nyingine.