Kashata za karanga zinazonata

"Kashata zangu za karanga zinanata kwenye kisu hata zikishapoa. Nakosea wapi?"

Habari ndugu. Angalia kwanza shira, kwani huenda unaiepua mapema. Mimi huchemsha kikombe 1 cha sukari na robo kikombe ya maji kwa moto wa wastani, kisha hudondosha tone kwenye maji baridi: likibonyea naendelea kupika, na likikatika kwa mlio namimina vikombe 2 vya karanga zilizokaangwa, zikiwa bado na joto, kwa sababu karanga baridi hugandisha shira kabla haijazifunika zote. Geuza haraka, tandaza kwenye sinia lililopakwa mafuta, na ukate zingali vuguvugu; zikishapoa kabisa, kisu huzivunja ovyo.