Majibu ya mzee: LDL iko juu na HDL iko chini, je ni maandazi?

Swali: "Wakuu, mzee wangu yuko Moshi, amepima lehemu, LDL ile mbaya 4.6 na HDL ile nzuri 0.8. Nyama hali kivile, mayai hagusi, ila chai yake ya asubuhi na jioni lazima andazi au sambusa na mkate wa majarini. Daktari kasema apunguze mafuta mabaya, mafuta mabaya ndo yapi sasa?"

Mkuu hiyo ripoti ya mzee inafanana sana na ya bi mkubwa wangu. Sisi tumekaanga maandazi Majengo kwa miaka 11, mama anaamka saa 10 alfajiri, saa 12 beseni lishatoka, na mengine mimi nilikuwa napeleka kwa wamama wa chai kule Mbuyuni. Mama mwenyewe nyama anakula Krismasi na siku za shughuli tu, kwahiyo aliposoma majibu yake akasema maabara wamebadilisha damu. Lehemu jumla 6.3, HDL 0.9, trigliseraidi yaani mafuta mengine ya kwenye damu 2.2, LDL 4.4, zote ni milimoli kwa lita. Tukarudia sehemu nyingine, ikaja karibu hivyo hivyo.

Kilichonifanya nianze kuchimba ni ile HDL. Maana mafuta mengi yanayopandisha LDL, mfano ya nyama, samli au mawese, HDL hayaigusi, mara nyingine yanaipandisha kidogo. Mafuta ya transi ndiyo yana tabia ya kuharibu pande zote mbili kwa mpigo. Kuna utafiti wa Uholanzi wa mwaka 1990, Mensink na Katan, walichukua watu 59 wazima wa afya wakawalisha aina tatu za mafuta, kila aina wiki 3. Ukilinganisha na mafuta ya oleiki, yale yaliyojaa kwenye zeituni, ya transi yalipandisha LDL kwa 0.37 na kushusha HDL kwa 0.17. Yale ya kundi la nyama na mawese yalipandisha LDL kwa 0.47 lakini HDL ikabaki palepale. Dozi yao ilikuwa kubwa lakini, asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula, hakuna mtu wa Moshi anayefika huko kwa andazi mbili, ila mwelekeo ndo huo.

Sasa transi inatoka wapi. Mafuta ya mimea kama ya soya ni ya maji kwa sababu molekuli zake zina kona, hazilali vizuri pamoja. Kiwandani wanapitisha haidrojeni kwenye mafuta ya moto penye nikeli ili yagande. Wakienda mpaka mwisho kona zote zinaisha na transi karibu haipo. Wakiishia njiani, ili yawe laini ya kupakika au yagande tu kiasi, kona zilizobaki nyingine zinageuka zinanyooka, hizo ndo transi. Zinalala pamoja kama kuni zilizopangwa, ndo maana mafuta yanasimama mezani bila kuyeyuka, hayachachi haraka na yanavumilia karai, na mfanyabiashara anayapenda. Hata sisi tuliyapenda, andazi linatoka kavu halichafui gazeti.

Ndani ya mwili, HDL ichukulie kama kirikuu kinachozoa lehemu mitaani kupeleka kwenye ini. Kuna protini inayohamisha lehemu kutoka kwenye HDL kwenda kwenye LDL, na transi inaichochea ifanye kazi zaidi, yaani mzigo unatolewa kwenye kirikuu kinachorudi ini unapakiwa kwenye gari linalozunguka mjini. Na ini nalo linachelewa kuivuta LDL kutoka kwenye damu. Ndo unapata ile picha ya mzee, moja juu nyingine chini.

Hapo nikamwambia mama tupime sisi wenyewe. Nikaweka karai kwenye mizani ya duka, mafuta ya mgando kilo 2, tukakaanga maandazi 60 ya shilingi 200, tukasubiri yapoe tukapima tena, gramu 420 zimepotea. Ni gramu 7 kwa andazi moja, bila kuhesabu yale ya kukandia unga. Mama alikuwa anakula manne kwa siku, akionja onja, tuseme gramu 28. Shirika la Afya Duniani linasema transi isizidi asilimia 1 ya nguvu, kwa mtu wa kalori 2,000 hiyo ni gramu 2.2 hivi. Tuchukulie mfano mafuta yako yana transi asilimia 15, hapo mama kala gramu 4.2, karibu mara mbili ya kikomo na majarini ya mkate hujaigusa. Mafuta hayohayo yakiwa na asilimia 2 anapata nusu gramu tu. Mimi yale yetu sikuyapeleka maabara kwahiyo 15 ni ya mfano, ila unaona jinsi aina ya mafuta inavyobeba hesabu kuliko idadi ya maandazi.

Na hapa wengi wanakosea, mafuta kuganda siyo ushahidi. Mawese yanaganda yenyewe bila transi, hayo yatapandisha LDL ya mzee lakini HDL hayaishushi hivyo. Majarini pia zipo ngumu za kipande za kuokea na zipo laini za kopo, na siku hizi nyingine wanatengeneza bila transi. Soma kwenye viambato. Ukikuta neno haidrojenetidi limetanguliwa na pashali, yaani waliishia njiani, rudisha kwenye rafu. Ukikuta limeandikwa haidrojenetidi tu bila ufafanuzi, mi nakuwa na wasiwasi. Kasheshe ni ile ya kupimiwa dukani kwenye nailoni, ile haina maandishi yoyote, na sisi ndo tulikuwa tunanunua hiyo miaka yote.

Kuhusu mafuta ya maji yaliyokaangiwa mara nyingi, ndiyo joto kali linaongeza transi kidogo, ila ni kidogo mno ukilinganisha na yale ya kugandishwa kiwandani wakaishia njiani. Tatizo lake kubwa ni uchafu mwingine. Yakianza kutoa povu, kunata na kutoa moshi mapema, mwaga.

Mama tulimhamishia alizeti, mkate akawa anakula na parachichi (Moshi parachichi siyo shida bana), maandazi mawili badala ya manne. Dawa daktari alisema asubiri miezi 3. Tukapima: jumla 5.1, HDL 1.0, trigliseraidi 1.76, LDL 3.3. Jumla ukigawa kwa HDL ilikuwa 7, sasa 5.1. Siwezi kusema yote ni transi, maana na unga ulipungua na alipungua kilo 3. HDL yenyewe imesogea kidogo tu, ile ni mbishi. Wateja walilalamika wiki mbili kwamba andazi linachafua mkono, tukaanza kuyachuja kwenye wavu kabla ya beseni wakanyamaza.

Kwa mzee wako, nenda kwa huyo mama anayemuuzia sambusa mwombe kistaarabu akuonyeshe ndoo ya mafuta, na kopo la majarini la nyumbani lisome leo. Na kwa LDL 4.6, kama ana sukari au presha mwambie daktari asisubiri miezi 3 kama sisi, anaweza kuhitaji dawa sasa hivi hata akiacha maandazi yote.