Blenda inavuja, sasa inalia tu

"Blenda yangu ya nazi ilianza kuvuja chini, sasa inalia tu, kisu hakizunguki. Nipo Lindi. Mota imekufa?"

Pole ndugu yangu. Mota ikilia, mara nyingi bado nzima. Chomoa waya, pindua jagi, zungusha kwa vidole kiunganishi cha chini yake. Kikizunguka laini, tazama meno ya mpira juu ya mota. Yangu hapa Mtwara yalilika hadi yakawa mviringo kama kifungo. Kiunganishi cha jagi kikiwa kigumu, tui limepenya gasketi iliyokakamaa na kukamata beringi. Hapo badilisha kisu chote pamoja na gasketi, la sivyo meno mapya yatalika tena. Kiunganishi cha mota, chenye hayo meno, kwa kawaida hufunguka kwa kuzungushia kulia. Ukinusa kuungua, au maji yamefika kwenye mota, usiiwashe, mpelekee fundi.