Mwandishi kaniruhusu kwa mdomo, nianze kutafsiri?

*"Kaka shikamoo, nilikutana na mwandishi wa riwaya moja ya Kifaransa akaniambia 'we tafsiri tu'. Mimi nimeisoma kwa Kiingereza, nina mtu anajua Kiingereza vizuri, tuanze? Na zile nahau anazifanyaje?"*

Marahaba. Msianze bado. Mara nyingi mwandishi wa Ufaransa akishasaini mkataba, haki ya tafsiri anakuwa nayo mchapishaji wake, kwa hiyo ile "tafsiri tu" ni ukarimu, sio ruhusa. Fungua ukurasa wa hakimiliki uone jina la mchapishaji wa Kifaransa (sio yule wa Kiingereza, yeye naye alinunua tu), ingia tovuti yake utafute palipoandikwa `Droits étrangers`, yaani haki za nje, hapo ndo unatuma imeili. Waambie kabisa unataka Kiswahili, kitabu cha karatasi na cha simu, nakala ngapi, utauza bei gani na kwa miaka mingapi. Sema ukweli. Ukichapa nakala 1,000 kwa 15,000/= na mrabaha wa asilimia 7, hiyo ni 1,050,000/= zikiisha zote, basi omba adivansi, yaani hela ya mwanzo unayowalipa wao, iwe nusu yake, ukiahidi zaidi utaumia na vitabu viko stoo.

Sasa huyo mtu wako wa Kiingereza. Tafsiri ya Kiingereza nayo ina hakimiliki ya aliyeifanya, ukiitumia kama chanzo inabidi umwombe na yeye, na bado utarithi makosa yake yote. Tafuta anayesoma Kifaransa na anayeandika Kiswahili cha nyumbani, cha pili ndo kigumu kupata. Mpe kurasa tano za majaribio, umlipe, na uchague zenye maongezi maana kwenye maelezo kila mtu anajificha.

Hapo ndo nahau zinamuumbua. Wafaransa mtu akizimia wanasema kaanguka kwenye matofaa, kuna mtu aliwahi kuniletea "mama akaangukia matofaa" na sokoni penyewe hapakuwepo! Hiyo rahisi, andika "akazimia" basi, usilazimishe methali. Ngumu ni kama hii: wao kumwekea mtu sungura ni kumpa miadi halafu usitokee. Kwetu hiyo ni kumpiga chenga, safi kabisa, ila kama kurasa tatu mbele yule dada aliyesubiri mgahawani anamwambia jamaa "sungura wako nimemla na chumvi", chenga hailiki. Mtafsiri mzuri atakuwa keshasoma mpaka huko, atarudi nyuma abadilishe zote mbili, mfano "umenipiga chenga" halafu kule mbele "goli lenyewe lilikuwa tupu, nimeshafunga mimi". Kwa hiyo kwenye zile kurasa tano weka mtego wa namna hii, na muulize kwa nini kaandika alivyoandika. Akikujibu "ndivyo ilivyo kwenye kamusi" mshukuru, umlipe, umtafute mwingine.