Zawadi moja ya darasa kwa mtoto wa mwalimu

*"Mwalimu wa wanetu amejifungua. Wazazi tunataka kuchanga tumpe mtoto zawadi moja nzuri badala ya kila mtu kuleta kinguo chake. Tuanzeje bila kugombana?"*

Kwanza, mmoja wenu aulize ofisi ya shule kama mwalimu anaruhusiwa kupokea, maana shule nyingine zina kikomo. Halafu teueni mshika fedha mmoja na mnunuzi mwingine.

Wapo wanaosema kila mzazi atoe sawa. Ni haki kwa waliojaaliwa tu; mwenye watoto watatu shuleni ataona aibu na kunyamaza. Wekeni siku ya mwisho, kila mtu atume anachoweza kwa mshika fedha faraghani. Kwenye kundi yaandikwe majina bila kiasi, au jumla peke yake.

Msichague zawadi kabla ya fedha kuingia. Tuseme mpo 28, mkapiga hesabu ya kigari cha mtoto kwa watu 28, kisha wakatoa 17: pengo litazibwa na nani? Subirini siku ifike, mnunue kwa kilichopo. Muulizeni mumewe au rafiki yake wa karibu nini hakijanunuliwa bado. Risiti ipigwe picha iwekwe kundini, na ikabidhiwe pamoja na zawadi, huenda akahitaji kubadilisha.

Kadi ibebe majina ya watoto wote wa darasa, hata ambao wazazi wao hawakutoa. Hapo najua wengine watanipinga.